"Si" bila "bali": karatasi moja ya kweli na si kweli

Kisa hiki kilitokea kwenye darasa langu la sita, shule ya msingi ya serikali wilayani Chamwino, kilomita chache kutoka barabara ya lami. Ilikuwa Ijumaa, jaribio la mwisho wa mwezi, maswali ya jiografia na historia. Sehemu A ilikuwa ya kuchagua jibu. Sehemu B niliitunga mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo, nikaiandika ubaoni asubuhi kwa chaki: sentensi kumi, na maelekezo yake mstari mmoja. "Andika KWELI au SI KWELI. Kama sentensi si kweli, isahihishe."

Mstari huo ndio uliozaa kesi yote. Sentensi zenyewe zilikuwa hizi:

1. Mkoa wa Dodoma hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka.
2. Uwele huvumilia ukame kuliko mahindi.
3. Ziwa Tanganyika ni ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika.
4. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1964.
5. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanyika mwaka 1973.
6. Michoro ya miambani ya Kondoa ipo mkoa wa Singida.
7. Bwawa la Mtera limejengwa kwenye Mto Ruaha Mkuu.
8. Reli ya Kati inatoka Dar es Salaam hadi Kigoma kupitia Dodoma na Arusha.
9. Ukataji miti ovyo huchangia mmomonyoko wa udongo.
10. Mlima Meru ni mrefu kuliko milima yote Tanzania.

Za kweli ni nne: ya 2, ya 5, ya 7 na ya 9. Sita zilizobaki si kweli. Nilipanga alama 1 kwa kila KWELI au SI KWELI iliyo sahihi, na alama 1 zaidi kwa kila sahihisho, jumla 16.

Sababu ya kuongeza masahihisho ni ile inayojulikana na kila mwalimu aliyewahi kusahihisha maswali ya kweli na si kweli matupu. Mtoto asiyejua chochote ana nusu ya kila swali mkononi. Ukipiga hesabu ya maswali kumi, mtoto anayebahatisha kuanzia la kwanza hadi la mwisho ana nafasi ya takriban asilimia 62 ya kupata 5 au zaidi. Yaani ukiwapa watoto mia moja wasiojua kitu, sitini na kitu watafika nusu au kuivuka. Ukimtaka mtoto aandike kilicho sahihi, kubahatisha kunakwama, kwa kuwa hakuna anayeotea "1961" kwa kurusha shilingi. Hilo ndilo nililodhani nimelifanya.

Jumamosi nilikaa na karatasi 46 chini ya mwembe. Nilipofika ya kumi na kitu hivi, nikakuta ya msichana mmoja anayekaa dawati la mbele, mtoto msikivu, mwandiko wake wa kulala kidogo upande wa kulia. Alichoandika nimekihifadhi:

"3. SI KWELI. Ziwa Tanganyika si ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika."
"4. SI KWELI. Tanganyika haikupata uhuru mwaka 1964."
"6. SI KWELI. Michoro ya miambani ya Kondoa haipo mkoa wa Singida."

Na ya 1, ya 8 na ya 10 vivyo hivyo. Kila sentensi ya uongo ameigeuza kwa "si" au kwa "ha-", akaiacha hapo. Alikosea swali moja tu la upande wa KWELI, la 7, nako alitumia dawa ileile: "Bwawa la Mtera halijajengwa kwenye Mto Ruaha Mkuu."

Nilimpa 9. Majibu tisa ya KWELI na SI KWELI yalikuwa sahihi, masahihisho nikayapiga mkasi yote. Nikaendelea. Mpaka namaliza, nilikuwa na karatasi 11 zenye "si" ya namna hiyo, nyingine kwenye swali moja au mawili, nyingine kila mahali.

Jumatatu baada ya kugawa karatasi, msichana alikuja mezani kwangu. Hakuja kwa kulalamika. Alisimama, akaweka karatasi, akasema: "Mwalimu, shikamoo. Naomba unioneshe hapa nimekosea nini."

Nikasoma tena. "Tanganyika haikupata uhuru mwaka 1964." Nikatafuta uongo ndani yake, sikuuona. Sentensi ni ya kweli kabisa. Nilichokuwa nimemwambia ni kwamba kama sentensi si kweli, aisahihishe, yaani aifanye iwe sahihi. Ameifanya sahihi. Zote sita baada ya kupita mkononi mwake zimekuwa za kweli, na mimi nimezipiga mkasi.

Nikamwambia akae kwanza, nikaenda nayo kwa mwalimu wa taaluma.

Yeye alikuwa na msimamo usioyumba. "Huyo hajasahihisha, amekanusha. Kukanusha si kusahihisha. Mpe tisa yake." Nikamjibu kwamba ninakubali, lakini karatasi haikusema hivyo, na mtoto hawezi kuadhibiwa kwa kanuni iliyokuwa kichwani mwangu. Akasema basi nikikubali "si", nifanye hesabu nione nimekubali nini. Tukaifanya pale pale nyuma ya daftari la maandalio.

Chukua mtoto asiyejua lolote. Aandike SI KWELI kuanzia la 1 hadi la 10, na kila sentensi aitie "si" au "ha-". Sentensi sita ni za uongo, kwa hiyo anapata 6 za SI KWELI. Ukikubali kukanusha kuwa ni sahihisho, anapata 6 nyingine. Jumla 12 kati ya 16, asilimia 75. Mtoto huyohuyo, kama ningempa maswali kumi matupu bila masahihisho, angepata 6 kati ya 10, asilimia 60. Swali nililoliongezea masahihisho ili kuzuia kubahatisha lilikuwa limempandisha mbahatishaji. Nilikaa kimya kidogo baada ya kuona hiyo hesabu.

Basi huku hesabu inakataa "si", na kule maelekezo yangu yameiruhusu. Nikaona njia ya kujua ukweli ni kumuuliza mwenyewe. Mapumziko ya uji nikamwita, nikamsomea kila sentensi aliyoikanusha, na mwisho wake nikamwongezea neno moja: "bali?"

"Tanganyika haikupata uhuru mwaka 1964, bali?"
"Bali 1961, tarehe 9 Desemba." Hakusita hata kidogo.

"Mkoa wa Dodoma haupati misimu miwili ya mvua, bali?"
"Bali mmoja. Mama anapanda Desemba, masika ikiisha Aprili hakuna mvua tena."

"Mlima Meru si mrefu kuliko yote, bali?"
"Bali Kilimanjaro."

"Reli ya Kati haipiti Arusha, bali?" Hapo alifikiri. "Arusha ni kule kaskazini. Inapopita sijui, lakini Arusha siyo."

"Ziwa Tanganyika si kubwa kuliko yote, bali?" Akainamisha macho. "Nilibahatisha, Mwalimu."

"Michoro ya Kondoa haipo Singida, bali?" "Manyara?"

Kwa hiyo kati ya "si" sita zinazofanana, mtoto alikuwa anajua jibu la tatu, moja anaijua kiasi cha kutosha, na mbili hajui. Kwenye karatasi, "si" zote sita zina sura moja. Nilipompa sifuri nilimnyima alichokijua, na ningempa zote ningemlipa kwa asichokijua. Sahihisho liliwekwa ili litenganishe anayejua na asiyejua, na "si" tupu ilikuwa imewafunika wote shuka moja.

Hapo ndipo nilipoona kwamba Kiswahili chenyewe kina kipimo tayari. Mtu akikanusha mbele ya wazee akakaa kimya, ataulizwa "ila?" au "bali?" Sentensi yenye "si" inasubiri nusu yake ya pili. Si nyekundu, bali nyeupe. Asiye na "bali" amekwambia tu alichokikataa.

Nikarudia zile karatasi nyingine kumi kwa jicho hilo, na nikakuta kukanusha kuna hatari nyingine ambayo sikuitarajia. Mvulana mmoja kwenye swali la 1 aliandika: "SI KWELI. Mkoa wa Dodoma haupati mvua." Alitaka kukataa hesabu ya misimu, lakini "ha-" inakaa kwenye kitenzi na kukikataa kitenzi chote. Alipofupisha, "misimu miwili" ikadondoka, na sentensi ikawa ya uongo kuliko niliyoiandika mimi. Dodoma ni kavu, ndiyo, lakini mvua inanyesha, na kwao wanalima. Huyo alijua kwamba misimu si miwili. Kosa lake lilikuwa la sarufi.

Swali la 8 nalo lilinipa karatasi mbili za kuumiza kichwa. Mtoto mmoja alijibu KWELI. Nilipomuuliza akasema reli inapita Dodoma, ameiona. Sentensi yangu ilikuwa na ukweli mwingi na uongo mmoja mwishoni: Dar es Salaam kweli, Kigoma kweli, Dodoma kweli, Arusha uongo. Yeye aliposhika kweli ya tatu akaridhika. Mwingine aliandika: "SI KWELI. Reli inatoka Dar es Salaam na inaishia Dodoma." Mwanzoni nilipiga mkasi, kisha nikakumbuka kwamba tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam kuja Dodoma, na kwa mtoto wa miaka kumi na mbili hiyo ndiyo reli anayoisikia ikitajwa nyumbani kila siku. Mimi nilikuwa nauliza ile ya zamani, iliyojengwa enzi za Wajerumani, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Sentensi haikusema. Kosa hilo ni la mtungaji, na liliondoka na alama ya mtoto.

Kwenye swali la 3 mtoto aliandika "Ziwa Tanganyika ni ziwa lenye kina kirefu kuliko yote barani Afrika." Mwongozo wangu wa usahihishaji ulikuwa na neno moja tu, "Victoria". Lakini alichoandika ni kweli tupu. Mimi nilitaka abadilishe jina la ziwa, yeye akaacha jina, akabadilisha sifa. Hali hiyo ipo pia kwenye la 10, ambako "Mlima Meru ni wa pili kwa urefu Tanzania" ni sahihisho halali kama "Mlima Kilimanjaro ni mrefu kuliko yote". Sentensi ya uongo inaweza kunyooshwa kutoka ncha yoyote, na mwalimu anayeandika jibu moja kwenye mwongozo atawakata wanaojua zaidi.

Kulikuwa na kundi jingine, dogo, lakini dalili yake ni rahisi kuiona. Watoto watano walikuwa wameandika KWELI mfululizo kuanzia swali la 6 hadi la 10. Maswali ya mwanzo walijitahidi, wakasahihisha mawili matatu, kisha mkono ukachoka. KWELI ni neno moja, SI KWELI inakuja na kazi ya kuandika sentensi nzima. Kwa mtoto aliyechoka, au anayeandika kwa shida, swali la aina hii linamvuta kwenye KWELI bila yeye kupima kilichoandikwa. Ukiona KWELI zimejazana mwishoni mwa karatasi wakati mwanzoni zilikuwa zimechanganyika, usiseme mtoto hajui mada. Pima kwanza urefu wa kazi uliyompa.

Mimi na mwalimu wa taaluma tulikubaliana kuifuta Sehemu B yote kwa darasa zima na kuirudia Jumatatu iliyofuata. Yeye bado alitaka ile 9 ibaki, lakini alikubali kwamba alama zilizotoka kwenye maelekezo yenye tundu zisiingie kwenye maendeleo ya mtoto.

Kutunga upya kulichukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kwanza nilifikiria njia wanayoitumia wengi: kupigia mstari neno moja kwenye kila sentensi, na kumwambia mtoto abadilishe neno hilo tu ikiwa sentensi si kweli. Njia hiyo inaziba tundu la "si" mara moja, na inaondoa mabishano ya Victoria na kina kirefu kwa sababu umeshachagua ncha. Sharti lake ni kupigia mstari hata sentensi za kweli, vinginevyo mstari wenyewe unatoa siri. Lakini inachukua kitu pia. Mtoto haulizwi tena uongo uko wapi, umemwonesha. Swali la 8 likipigiwa mstari "Arusha" linakuwa karibu sawa na kujaza nafasi. Kwa darasa la tatu au la nne ningeichukua bila kusita. Darasa la sita nilitaka watafute wenyewe.

Nikaandika hivi ubaoni: "Andika KWELI au SI KWELI. Kama sentensi si kweli, andika sehemu yenye kosa, kisha neno BALI, kisha kilicho sahihi. Usirudie sentensi nzima." Na chini yake mfano mmoja ambao hauko kwenye jaribio: "Mji mkuu wa Kenya ni Mombasa. SI KWELI. Si Mombasa BALI Nairobi."

Maneno manne badala ya sentensi nzima. Hilo lilikuwa kwa ajili ya wale watano wenye mkono uliochoka, na kwa mvulana wa "haupati mvua", maana sasa "si" inakaa juu ya kitu chenye kosa na haiwezi kuruka hadi kwenye kitenzi. Sentensi nikazipunguza kutoka kumi hadi nane, tano za uongo na tatu za kweli, nikahakikisha kila ya uongo ina kosa moja tu na hakuna linalobishaniwa. Ya reli ikawa: "Reli ya Kati iliyojengwa enzi za Wajerumani inaishia Mwanza." Kabla ya kuandika ubaoni nilimpa mwalimu mwenzangu wa hisabati azijibu bila mwongozo. Akasahihisha swali moja kwa namna ambayo sikuifikiria, nikaiongeza kwenye mwongozo.

Alama nazo zikabadilika. Sentensi ya kweli, alama 1. Sentensi ya uongo, alama 2 zikija pamoja, SI KWELI na sahihisho lake. SI KWELI peke yake haina alama. Mwalimu wa taaluma aliniuliza kama si ukali: mtoto anayejua kwamba Tanganyika si ziwa kubwa kuliko yote, ila hakumbuki lipi, anajua kitu. Anajua, ndiyo. Lakini kwenye karatasi huwezi kumtofautisha na aliyebahatisha, na nikimlipa huyo nitamlipa na yule. Jumla ni 13. Anayeandika SI KWELI kote bila kujua anapata sifuri, na anayeandika KWELI kote anapata 3. Nimekubali kwamba wale wa katikati wataumia kidogo. Upande wa KWELI bado una tundu lake la nusu kwa nusu, na sikuliziba, maana kumtaka mtoto athibitishe kilicho kweli ni swali jingine kabisa.

Jumatatu "si" tupu zilikuwa mbili tu kati ya karatasi 46, zote za watoto ambao hawakuwepo wiki iliyotangulia. KWELI za mfululizo hazikuonekana. Wastani wa darasa ulishuka, na mwalimu mkuu aliuliza kulikoni, nikamwonesha karatasi zenyewe.

Kilichonifaa zaidi ni kwamba karatasi sasa zilikuwa zinasema kitu. Kwenye swali la ziwa, ambalo nililirudisha kama lilivyokuwa, watoto 19 waliandika SI KWELI na baada ya BALI wakaweka Nyasa, au Rukwa, au wakaacha wazi. Wiki iliyopita baadhi ya hao walikuwa na "si" yao, nami sikujua kama wanajua. Msichana wa dawati la mbele alipata 11. Mtera safari hii aliandika KWELI. Kwenye ziwa aliandika "Si Tanganyika BALI", kisha akafuta kitu kwa raba mpaka karatasi ikachanika kidogo, na hapo juu ya tundu hakuandika tena.

Jumanne nilichora ramani ya maziwa ubaoni, nikaanza na Victoria.